Kwa nini baluni ya wanafunzi ilipaa asubuhi ikagoma mchana

*"Mimi ni mwalimu wa sayansi Kisauni. Wanafunzi wangu walitengeneza baluni ya karatasi laini, upana na kimo chake kama mita moja, na kwenye mizani ilikuwa gramu 78. Tuliijaza hewa moto ya jiko la makaa. Saa moja asubuhi ilipaa hadi usawa wa paa la darasa, ikakaa sekunde chache ikashuka. Saa saba mchana, kwa jiko lile lile, ilijiinua kidogo tu ikalala. Nilidhani joto la mchana lingetusaidia, kwa kuwa hewa moto hupaa. Mbona ikawa kinyume? Na je, ndiyo sababu baluni za watalii ziko Maasai Mara na si huku kwetu Pwani? Wanafunzi sasa wanataka kuifungia mshumaa chini ili ikae hewani zaidi."*

Mwalimu, baluni yenu ilifanya sawasawa na inavyopaswa, asubuhi na mchana. Kinachoinua baluni ni tofauti kati ya joto la ndani na joto la nje, na mchana wa Mombasa uliipunguza tofauti hiyo kutoka upande wa nje. Jiko lilibaki lile lile na hewa ya ndani ilipata joto lile lile, lakini hewa iliyoizunguka ilikuwa imeshapanda joto.

Kauli ya kwamba hewa moto hupaa tumeizoea sana, na ina upungufu mmoja: haisemi hewa hiyo ni moto kuliko ipi. Hewa ya nyuzi 32 ikiwa katikati ya hewa nyingine ya nyuzi 32 haina sababu ya kwenda popote. Hewa ya nyuzi 20 ikizungukwa na hewa ya nyuzi 5 itapaa, ingawa mtu wa Mombasa angeiita baridi. Kwa hiyo wanafunzi wakiwa na kipimajoto, wawe na viwili, kimoja cha ndani ya baluni na kimoja cha nje kivulini, na wasisome kimoja bila kingine.

Sababu yake inaanzia kwenye jambo ambalo watoto wengi hawaliamini mara ya kwanza, kwamba hewa ina uzito, tena si mdogo. Pale usawa wa bahari, hewa ya nyuzi 32 ina uzito wa gramu 1,157 hivi kwa kila mita moja ya ujazo. Chukua darasa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3. Hewa iliyomo humo inapita kilo 160, uzito wa watu wazima wawili. Hatuuhisi uzito huo kwa sababu tumezungukwa nao pande zote.

Hewa ikipashwa moto hutanuka, maana chembe zake huenda mbio zaidi na kila moja hutaka nafasi kubwa. Mdomo wa baluni uko wazi chini, kwa hiyo hewa inayotanuka haifungiwi ikaukaza mfuko. Sehemu yake humwagika nje kupitia mdomo. Mwanafunzi akiweka kiganja kando ya mdomo huo wakati baluni imekwisha kujaa na jiko bado linawaka, atahisi hewa vuguvugu ikitoka. Hiyo inayotoka ndiyo siri yote. Ujazo wa mfuko umebaki ule ule, shinikizo pale mdomoni ni sawa ndani na nje, lakini hewa iliyobaki ndani ni chache na kwa hiyo ni nyepesi.

Sasa nani anaisukuma juu? Ni hewa ya nje. Shinikizo la hewa chini ya baluni ni kubwa kidogo kuliko shinikizo lililo juu yake, kwa kuwa hewa ya chini imebeba uzito wa ile ya juu. Tofauti hiyo ndogo husukuma kitu chochote kuelekea juu, kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa hewa ambayo kitu hicho kimechukua nafasi yake. Ukilizamisha dumu tupu baharini unalihisi likikusukuma mikono kwa namna hiyo hiyo, na ukilijaza maji linaacha, ingawa bahari haijabadilika. Baluni imezama ndani ya hewa kama dumu lile lilivyozama majini. Ikiwa mfuko pamoja na hewa iliyomo ni vyepesi kuliko hewa iliyosukumwa kando, baluni inapanda. Ikiwa ni vizito zaidi, inashuka.

Wanafunzi wako huenda wakadhani moshi ndio unaoinua. Si wao wa kwanza. Ndugu wawili Wafaransa, Joseph na Étienne Montgolfier, walioonyesha baluni yao hadharani mjini Annonay tarehe 4 Juni 1783, waliamini kuwa moto wao ulikuwa unazalisha gesi ya pekee yenye tabia ya kupaa. Baluni yao ilipaa vizuri hata hivyo, kwa kuwa joto lilifanya kazi bila kujali walilofikiri. Moshi wenyewe ni masizi na unyevu, na masizi ni mzigo. Jiko lililokolea makaa mekundu lisilotoa moshi litawafaa kuliko linalofuka.

Tuifanyie hesabu baluni yenu yenyewe, kwa sababu mlifanya jambo zuri la kuipima kwanza. Kwa usawa wa bahari kuna njia nyepesi ya kupata uzito wa hewa kavu: chukua halijoto, ongeza 273, kisha ugawe 353 kwa jibu hilo. Unapata kilo kwa mita ya ujazo. Baluni ya mviringo yenye upana wa mita moja ina ujazo wa nusu mita hivi. Nikikadiria kuwa mlipoiachia hewa ya ndani ilikuwa na wastani wa nyuzi 80, basi 80 na 273 ni 353, na kila mita ya ujazo ya hewa hiyo ina kilo moja kamili.

Saa moja asubuhi Kisauni, tuseme nje kulikuwa na nyuzi 26. Gawa 353 kwa 299, unapata kilo 1.181. Tofauti kati ya nje na ndani ni gramu 181 kwa mita ya ujazo, na kwa nusu mita ni gramu 90. Karatasi, gundi na kipete cha waya vilikuwa gramu 78. Zimebaki gramu 12 za kuipandisha, na ikapanda.

Saa saba mchana nje kuna nyuzi 32. Gawa 353 kwa 305, unapata kilo 1.157. Tofauti sasa ni gramu 157, na nusu yake ni gramu 78 na kidogo. Baluni nayo ni gramu 78. Hakuna kilichobaki. Nyuzi sita tu za nje zimemeza gramu zote kumi na mbili, na ulichokiona, kwamba ilijiinua kidogo ikalala, ndicho hasa hesabu inachokitabiri. Joto la ndani lingekuwa tofauti kidogo na makadirio yangu tarakimu zingesogea, lakini pengo la gramu kumi na mbili kati ya asubuhi na mchana lingebaki karibu pale pale.

Watu wengine wangeulaumu unyevu wa Mombasa, na kwa kiasi fulani wana hoja, kwa sababu hewa yenye mvuke ni nyepesi kuliko hewa kavu. Lakini hewa mliyoijaza ndani nayo ni ya Mombasa, imebeba mvuke ule ule. Wepesi umeingia pande zote mbili, kwa hiyo athari yake kwenye tofauti ni ndogo, kama asilimia moja. Upepo wa mchana huenda uliwaonea kuliko unyevu. Ukiupiga mfuko wa karatasi unaubonyeza ubavuni, hewa moto inamwagika mdomoni, na karatasi inapoa haraka.

Hapo pa kupoa ndipo penye jibu la kwa nini asubuhi haikukaa juu zaidi ya sekunde chache. Hewa iliyo ndani ya baluni yenu ni nusu kilo hivi tu, lakini karatasi inayoizunguka ina eneo la mita tatu za mraba, nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Joto linapita humo bila kizuizi. Kwa ukubwa huo na tofauti ya nyuzi hamsini hivi, baluni inapoteza karibu nyuzi moja kila sekunde, pengine zaidi kidogo. Kila uzi mmoja unaopotea ndani, baluni inakosa gramu moja na nusu hivi ya nguvu ya kuinua, maana hewa ya ndani inasinyaa na hewa ya nje inaingia kwa chini kujaza nafasi. Mlikuwa na akiba ya gramu 12. Inaisha baada ya sekunde nane au chini ya hapo, kisha baluni inaishi kwa ule mwendo iliokwisha kuupata, inasimama, inarudi.

Ndiyo maana sisemi tu kwamba hewa ya ndani lazima iwe moto kuliko ya nje. Lazima ibaki hivyo. Baluni haihifadhi kupaa kwake. Tangu inapoachana na moto inaanza kufanana na hewa inayoizunguka, na siku ikifanana nayo kabisa, hata kama zote mbili ni za nyuzi 40, imebaki kuwa karatasi ya gramu 78.

Dawa yake kwa wanafunzi wako ni ukubwa, na hapa ningependa mjaribu kabla ya kufikiria mshumaa. Tengenezeni baluni ya upana wa mita moja na nusu badala ya mita moja. Karatasi inayohitajika itazidi mara mbili na robo, lakini ujazo utazidi zaidi ya mara tatu, hadi mita ya ujazo 1.77 hivi. Kwa karatasi ile ile laini, gundi ikipakwa kwa uangalifu, uzito utakuwa kama gramu 175. Saa saba mchana, nyuzi 32 nje na 80 ndani, nguvu ya kuinua ni gramu 278. Mna akiba ya gramu mia moja, mahali ambapo ile ndogo haikuwa na hata moja. Tena inapoa polepole, kwa sababu kila kipande cha karatasi sasa kinalinda hewa nyingi zaidi. Itabaki na nguvu ya kujiinua kwa karibu nusu dakika, mpaka hewa ya ndani ishuke hadi nyuzi 60 au 61. Kanuni hiyo ndiyo inayofanya baluni zinazobeba watu ziwe kubwa kama jengo la ghorofa.

Na hapo tuhamie Mara. Baluni ya watalii ya ukubwa wa kawaida kule, ya kubeba abiria kumi na wawili na rubani, tuipe mita za ujazo 8,000. Mfuko wake ni wa nailoni iliyopakwa dawa ya kuzuia hewa kupenya, na hewa ya ndani huwa karibu nyuzi 100. Uwanda wa Mara uko mita 1,500 hivi na zaidi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ya huko ni pungufu: pale pa 353 weka 293. Alfajiri ya nyuzi 13, ukifanya hesabu ile ile, tofauti inatoka gramu 240 kwa kila mita ya ujazo. Zidisha kwa 8,000, unapata kama kilo 1,900. Watu kumi na watatu wa kilo 80 ni kilo 1,040. Zinazobaki ni za mfuko, kikapu, vichomeo na mitungi ya gesi. Imetosha, bila ziada kubwa.

Subiri hadi mchana pale pale Mara, nyuzi 28, na tofauti inashuka hadi gramu 188. Baluni nzima inainua kilo 1,500. Kilo mia nne zimetoweka, yaani abiria watano wabaki chini. Hiyo ni sababu moja ya watalii kuamshwa usiku wa manane. Sababu ya pili ni kwamba jua likishapasha ardhi, hewa huanza kupanda kwa mikondo ya ghafla na upepo huamka, na hakuna rubani anayependa kutua katika hali hiyo.

Sasa ipeleke baluni hiyo hiyo Mombasa. Saa saba mchana, nyuzi 32, inainua karibu kilo 1,690. Alfajiri ya nyuzi 26, inainua karibu kilo 1,870. Angalia vizuri hiyo ya pili, Mwalimu: imepungukiwa na kilo thelathini au arobaini tu ikilinganishwa na alfajiri ya Mara. Baridi ya Mara inaisaidia baluni, lakini mwinuko wake unaiibia, kwa kuwa hewa ya juu ni nyembamba na haina nguvu kubwa ya kusukuma. Huku Pwani joto linaiibia na usawa wa bahari unairudishia. Kwa hiyo jibu langu la swali lako la pili ni hapana. Joto la Pwani si kikwazo kikubwa kwa baluni inayoruka alfajiri.

Kikwazo ni upepo, na bahari. Baluni haina usukani. Rubani anaweza kupanda au kushuka kutafuta tabaka la hewa linaloelekea upande mwingine, lakini katika kila tabaka anakwenda na upepo, kwa kasi ya upepo. Kwa kuruka na kutua salama anataka upepo mwanana, usiozidi kilomita kumi na tano au ishirini kwa saa pale chini, na anataka uwanda wazi mbele yake, wenye njia ya gari la kumfuata. Mara inayo nyika hiyo. Mombasa ina kusi kwa miezi mingi ya katikati ya mwaka na kaskazi mwisho na mwanzo wa mwaka, na juu ya hizo mbili kuna upepo wa baharini unaoingia bara kila jua linapopanda. Saa za alfajiri, ambazo hewa hutulia, upepo mwepesi huweza kugeuka ukatoka nchi kavu kuelekea baharini. Baluni inayoondoka Nyali katika hewa hiyo inaelekea mahali ambapo hakuna pa kutua. Ukigeukia bara unakutana na hori za Tudor na Port Reitz, nyaya za umeme, nyumba zilizobanana na njia za ndege za Uwanja wa Moi.

Nirudi kidogo kwenye kichomeo, kwa kuwa ndicho kinachojibu swali la wanafunzi wako la kukaa hewani zaidi. Ndani ya mfuko wa mita 8,000 kule Mara mna tani sita na zaidi za hewa moto. Hiyo ni hewa tu, bila watu. Kila uzi mmoja inapopoa, baluni inapoteza kilo 17 hivi za kuinua. Nyuzi tano zikipotea ni kama abiria mmoja mzima ameongezwa kikapuni wakiwa angani. Kwa hiyo rubani anarudisha joto linalopotea kwa kuchoma gesi ya propeni kwa vipindi vifupi, sekunde chache anawasha, kisha kimya, kisha tena. Tani hizo za hewa haziitiki papo hapo. Baina ya moto kuwaka na baluni kuacha kushuka hupita sekunde kadhaa, na rubani mzuri huchoma kabla ya kuona haja, akijua anachokifanya sasa kitaonekana baadaye. Akichelewa, baluni inashuka kwa kasi inayoongezeka na inachukua moto mwingi kuizuia.

Wala hawezi kuchoma apendavyo. Nailoni hudhoofika kwa joto, na mifuko mingi haipaswi kuzidi nyuzi 120 au juu yake kidogo pale utosini, sehemu yenye joto kuliko zote. Kuna kihisi cha joto kimefungwa huko juu, na rubani anakisoma kwenye kioo kikapuni. Ikiwa nje kuna joto kali na mzigo ni mkubwa, atajikuta ameshafika karibu na kikomo hicho kabla hajaondoka chini, na hapo hakuna la kufanya ila kupunguza watu.

Kuna hali moja inayoonyesha vizuri zaidi kwamba ni tofauti inayohesabika. Alfajiri tulivu, hewa baridi hulala mabondeni na hewa iliyo juu yake huwa na joto zaidi. Baluni inapopanda kutoka kwenye ile baridi ikaingia kwenye tabaka la juu, inapunguza mwendo, wakati mwingine inasimama kabisa, ingawa kipimo cha utosini hakijashuka hata uzi mmoja. Ndani hakujabadilika kitu. Nje ndiko kulikopata joto. Ndivyo ilivyokuwa kwenu saa saba mchana.

Sasa mshumaa. Naomba uwakatalie, na uwape sababu zote mbili. Ya kwanza ni ya hesabu. Mshumaa wa kawaida hutoa joto la wati 80 hivi. Baluni yenu ya mita moja, ikiwa na nyuzi 80 ndani, inapoteza wati mia tano na zaidi kupitia karatasi. Mshumaa hautalipa hata robo ya deni hilo, na wenyewe una gramu ishirini au zaidi, nyingi kuliko akiba yote ya asubuhi. Ingeshuka mapema kuliko ilivyoshuka bila mshumaa. Wakiongeza mishumaa wanaongeza uzito na moto kwa pamoja, chini ya karatasi.

Ya pili ni hiyo ya moto. Baluni ikielemewa na upepo huinama, karatasi inagusa mwali, na kinachoshuka ni kitu kinachowaka ambacho hamna namna ya kukielekeza. Pwani yetu ina mapaa ya makuti, na makuti makavu yakishika moto ni vigumu kuuwahi. Moto ubaki chini, jikoni, na baluni ipande na hewa peke yake.

Mtakapoijaza ile kubwa, wekeni bomba la bati la kama mita moja juu ya jiko ili mdomo wa karatasi ukae mbali na makaa. Wawili washike mabega ya baluni kwa vijiti, mmoja ashike kipete cha mdomo akiwa na glovu, na mfunge uzi mwepesi ili isivuke ukuta wa shule. Fanyeni nje, si darasani. Gesi ya makaa haina harufu na inaua, kwa hiyo asiinamishe mtu uso juu ya bomba. Ndoo ya maji na ya mchanga ziwe karibu. Dalili ya kwamba iko tayari ni mvuto: anayeshika kipete atahisi inamwinua mkono badala ya kumwegemea. Ikiwa imejaa na imesimama lakini bado inaegemea, hewa haijapata joto la kutosha, na kuiachia ni kupoteza jaribio.

Mwalimu wa fizikia wa sekondari iliyo jirani anaweza kuja kuwasimamia siku hiyo, na mimi ningemwita, hasa kwa kuwa ni watoto na makaa. Kikosi cha zimamoto cha kaunti mwaulizeni kama mnapanga kufanya mbele ya umati au karibu na mapaa ya makuti. Mkifika mahali pa kutaka kuachia baluni bila uzi, au kubwa zaidi ya hiyo ya mita moja na nusu, nendeni kwanza katika ofisi ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya pale uwanja wa ndege mkawaeleze, kwa sababu Kisauni si mbali na njia za ndege. Na mtu yeyote akiwajia na baluni ya kupandisha watu ufukweni, hata ya kufungwa kamba, mwombeni leseni ya urubani na cheti cha baluni yenyewe kabla mtoto yeyote hajaingia kikapuni. Kamba haizuii upepo, na baluni iliyofungwa ikipigwa na upepo wa baharini huinamishwa chini kwa nguvu, mfuko ukamwaga hewa yake ya moto, na kichomeo kikabaki kinawaka juu ya vichwa vya watu.